Barua ya kumwalika mzazi shuleni kuzungumzia maendeleo ya mtoto: mwongozo kamili kwa mwalimu wa darasa

Barua ya shule haisomwi na mzazi peke yake. Mtoto anayeibeba huifungua njiani, nyuma ya uzio wa kahawa, kabla hajafika nyumbani. Mama asiyesoma vizuri humpa binti yake wa sekondari amsomee, na kama binti hayupo, husomewa na jirani au kijana wa dukani. Kwa hiyo kabla hujaandika neno la kwanza, jiulize: barua hii ikisomwa kwa sauti pale dukani, mama huyu ataweza kubaki ameinua uso? Kila hatua iliyomo katika mwongozo huu inatoka kwenye swali hilo.

Nitatumia mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Ni mtoto wa darasa la nne, tumwite Baraka, katika shule ya msingi ya serikali upande wa juu wa Tengeru, Halmashauri ya Meru, mkoani Arusha. Mama yake anauza ndizi sokoni. Baba yuko Mererani kwenye machimbo na hurudi nyumbani mara chache. Tangu mwezi wa Machi Baraka anasuasua katika kusoma, na mwishoni mwa mwaka darasa lake litakutana na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Mwalimu wa darasa anataka kuzungumza na mama mapema, mwezi wa Mei, wakati bado kuna muda wa kufanya kitu.

Hatua ya kwanza: kusanya ulichokiona, siyo unachokifikiria

Kaa na daftari la mahudhurio, madaftari ya mtoto na kitabu cha kusomea. Andika kwenye karatasi yako mwenyewe yale tu ambayo mtu mwingine angeweza kuyaona kwa macho. Kwa Baraka, karatasi hiyo ilikuwa hivi: katika wiki nane amekosa siku sita, na tano kati ya hizo ni Jumatano. Kazi za hesabu zimekamilika karibu zote. Akipewa kifungu kifupi cha kitabu cha darasa la pili, anasimama kwenye maneno yenye silabi kama "ng'o", "mbwa" na "nywe", anarudia mwanzo wa sentensi, na akifika mwisho hawezi kueleza alichosoma.

Hapo hakuna "mvivu", hakuna "hajali", hakuna "nyumbani hawamfuatilii". Maneno hayo ni hukumu, na mara nyingi ni makosa. Anayeijua Tengeru ataona kitu katika zile Jumatano tano, maana soko la Tengeru lina gulio Jumatano na Jumamosi. Huenda mtoto anabaki kusaidia mzigo au kulinda wadogo zake mama akiwa sokoni. Huenda pia sivyo. Hilo ni swali la kumuuliza mama kwa upole mkiwa mmekaa. Halina nafasi kwenye barua, kwa sababu ukiliandika utakuwa umemhukumu kabla hajasema neno.

Karatasi hii haiendi nyumbani, inabaki kwako hadi siku ya mazungumzo. Faida yake sasa ni kukusaidia kuamua kama jambo lenyewe linahitaji kumwita mzazi, au linahitaji wewe ubadilishe namna ya kumfundisha kwanza. Kama bado hujamsikiliza mtoto akisoma peke yake, mbali na macho ya darasa zima, fanya hivyo kabla ya kuandika. Mtoto mwingine anashindwa kusoma kwa sababu haoni ubao. Dalili zake ni kwamba anakosea anaponakili ubaoni lakini kwenye kitabu kilicho karibu anasoma bila shida.

Hatua ya pili: jua unamwandikia nani

Usianze na "Mzazi/Mlezi" yenye mkwaju katikati. Mkwaju ule unamwambia mpokeaji kwamba shule haijui mtoto wake anaishi na nani. Angalia fomu ya kujiunga, kisha muulize mwalimu aliyemfundisha mwaka jana, kwa sababu fomu ya darasa la kwanza ni ya miaka kadhaa iliyopita na mengi hubadilika. Ukimwandikia "Ndugu Mzazi" bibi anayelea mjukuu aliyefiwa na wazazi, umemfungulia kidonda. Ukiandika jina la baba wakati wazazi wametengana, barua inaweza kufika mikononi mwa mtu asiyehusika tena na malezi ya kila siku.

Kwa mama wa Baraka, "Ndugu Mama Baraka" inatosha na ndivyo anavyoitwa na watu wote. Kwa bibi, andika "Bibi yetu mpendwa" au "Bibi Baraka", na usiogope kuanza na "Shikamoo". Wapo watakaokuambia kwamba salamu hiyo haifai kwenye barua rasmi. Mimi naona mwalimu wa miaka ishirini na kitu anayemwandikia mama wa miaka sabini bila kumwamkia amekosa adabu, hata kama barua ina mhuri.

Fikiria pia lugha. Wazee wengi vijijini Meru wanaelewa Kiswahili lakini wakiwa na jambo zito hulisema kwa Kimeru. Andika sentensi fupi, ambazo mtu anayesoma anaweza kuzigeuza papo hapo. Siku ya mazungumzo, kama itahitajika, awepo mtu mzima wa kutafsiri, mmoja wa walimu kwa mfano. Mtoto mwenyewe asiwe mkalimani wa mazungumzo yanayomhusu.

Hatua ya tatu: kichwa cha barua

Muundo wa barua rasmi tunaujua sote: anuani ya shule juu, tarehe, anuani ya mwandikiwa, salamu, kisha YAH. Hapo kwenye YAH ndipo shule nyingi zinapoharibu. Tazama barua ya aina ambayo imezoeleka:

> YAH: KUITWA SHULENI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtoto wako ni mtoro na taaluma yake imeshuka sana. Unatakiwa kufika shuleni siku ya Jumatano saa 2:00 asubuhi bila kukosa. Kutofika kutasababisha hatua kali kuchukuliwa dhidi yako.

"Kuitwa shuleni" ni lugha ya kesi. "Mtoro" ni neno ambalo kijijini linakwenda moja kwa moja na ofisi ya mtendaji na faini. "Bila kukosa" na "hatua kali" vinamweka mama kizimbani, na siku iliyochaguliwa ni ya gulio, ambayo ndiyo anayoitegemea kwa mapato. Mama akipokea barua hii atafanya moja kati ya mawili: atamchapa mtoto jioni ileile, au hatakuja. Wengine hufanya yote mawili.

Badala yake andika: MWALIKO WA MAZUNGUMZO KUHUSU MASOMO YA BARAKA, DARASA LA NNE. Neno "mwaliko" linampa mama haki ya kuchagua, na jina la mtoto linaonyesha kwamba barua imeandikwa kwa ajili yake tu, haikutolewa nakala mia kwenye mashine.

Hatua ya nne: aya ya kwanza na sentensi ya sababu

Aya ya kwanza itaje jambo moja zuri la kweli, na liwe mahususi. "Baraka ni mtoto mzuri" halisemi kitu, na mzazi analijua kwamba ni utangulizi wa habari mbaya. "Anajumlisha na kutoa kwa haraka, na mara nyingi huwasaidia wenzake" linaonyesha kwamba mwalimu anamwona mtoto. Hata hapa chagua kwa uangalifu. Baraka ni hodari hasa kwenye hesabu za fedha, na ingevutia kuliandika hilo, lakini mama anayejua kwamba mtoto amekuwa sokoni badala ya darasani anaweza kulisoma kama kijembe. Liache.

Sasa sentensi ya sababu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Ukisema mengi mno, umemvua mtoto nguo mbele ya jirani anayesoma. Ukisema machache mno, yaani "tuna jambo la kuzungumza nawe", umemwachia mama usiku mzima wa kuwaza. Kwa mtoto wa kike mkubwa atawaza mimba. Kwa wa kiume atawaza wizi au kufukuzwa. Na karibu kila mzazi atawaza mchango, kwa sababu ingawa ada imefutwa katika shule za msingi za serikali, bahasha ya shule bado inamkumbusha madawati, chakula na mlinzi.

Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kutaja eneo moja la somo, muda lilipoanza kuonekana, na kile ambacho shule inaomba kwa mzazi, basi. "Katika kusoma Kiswahili, tangu mwezi wa Machi, Baraka anahitaji msaada zaidi ya huu tunaompa sasa." Sentensi hii haina alama, haina nafasi yake darasani, haimlinganishi na mwenzake. Angalia pia kwamba mzigo umewekwa kwenye msaada unaotolewa, siyo kwenye kichwa cha mtoto. Ukiwa na shaka kuhusu neno, lisome ukijifikiria wewe ndiye Baraka umelifungua njiani. "Anahitaji msaada" mtoto anaweza kulibeba. "Hajui kusoma" litamfanya aichane barua, na hutajua kwa nini mama hakujibu.

Kisha ondoa hofu waziwazi: "Baraka hajafanya kosa lolote, na mazungumzo haya hayahusu mchango wala malipo." Usiandike hivyo kama si kweli. Kama kuna suala la nidhamu pia, liitie kikao chake, maana mzazi akifika kwa habari ya kusoma na kukuta anasomewa mashtaka mengine, hatakuamini tena.

Maneno ya afya na ya familia hayaingii kwenye barua hata kwa kudokeza: ugonjwa, macho, masikio, ulevi wa mtu nyumbani, njaa. Hata yale unayoyajua kwa hakika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, na mwalimu hapaswi kuzisambaza kwa kila atakayeshika karatasi.

Hatua ya tano: siku, saa na mahali

Mpe siku mbili achague, moja asubuhi na moja alasiri. Tengeru acha Jumatano. Mei ni masika, njia za kuteremka kutoka juu mlimani zina matope, na asubuhi watu wako shambani kwenye palizi kabla jua halijakali, kwa hiyo saa 4:00 ni bora kuliko saa 2:00. Mpe angalau wiki moja kutoka siku barua inapofika.

Taja muda wa mazungumzo, chumba, na nani atakuwepo. Hili watu wengi hulisahau. Mama akiingia kwenye ofisi ya walimu na kukuta walimu kumi wamekaa wakisahihisha madaftari, hatasema neno la maana. Tafuta maktaba, stoo ya vitabu iliyosafishwa, au darasa tupu baada ya vipindi. Na kama mwalimu mkuu au mwalimu wa malezi na unasihi atakuwepo, aandikwe kabisa, mzazi asikutane na baraza ambalo hakuambiwa.

Barua yenyewe

> Shule ya Msingi ……………,
> S.L.P. ………,
> Tengeru, Arusha.
>
> 11 Mei 2026
>
> Mama Baraka,
> Tengeru.
>
> Ndugu Mama Baraka,
>
> Ndugu Mama Baraka,
>
> Tunakusalimu, na tunatumaini wewe na familia hamjambo.
>
> Baraka anaendelea vizuri katika hesabu. Anajumlisha na kutoa kwa haraka, na mara nyingi huwasaidia wenzake.
>
> Katika kusoma Kiswahili, tangu mwezi wa Machi, Baraka anahitaji msaada zaidi ya huu tunaompa sasa. Wewe unamjua kuliko sisi. Tungependa kukusikiliza, kisha tupange pamoja namna ya kumsaidia kabla ya likizo ya Juni. Baraka hajafanya kosa lolote, na mazungumzo haya hayahusu mchango wala malipo.
>
> Tunakukaribisha shuleni katika moja ya siku hizi:
>
> Jumanne tarehe 19 Mei, saa 4:00 asubuhi, au
> Alhamisi tarehe 21 Mei, saa 9:00 alasiri.
>
> Tutazungumza kwa muda wa nusu saa hivi, katika chumba cha maktaba, mimi na wewe tu. Ukipenda kuja na mtu wa familia, karibuni.
>
> Tafadhali nijulishe siku inayokufaa kabla ya Ijumaa tarehe 15 Mei. Unaweza kumtuma Baraka, kupiga simu namba ……………, au kubipu nami nitakupigia. Kama siku zote mbili ni ngumu kwako, niambie ile utakayoiweza.
>
> Wako katika malezi ya Baraka,
>
> (sahihi)
> ……………………
> Mwalimu wa Darasa la Nne

Isome kwa sauti ikiisha. Kama sentensi inakulazimu kuvuta pumzi katikati, ikate.

Mama asipokuwa na salio, neno "kubipu" litamfaa kuliko maelezo marefu. Najua baadhi ya walimu wakuu hulikataa wakisema si lugha ya ofisi. Weka badala yake "ukinipigia nitakata na kukupigia mwenyewe", kitu kilekile.

Hatua ya sita: mhuri, nakala na bahasha

Mpelekee mwalimu mkuu aione, na mkubaliane kuhusu mhuri. Mhuri unathibitisha kwamba barua ni ya shule, na baadhi ya wazazi wanauhitaji ili waombe ruhusa kwa mwajiri, kwa mfano wanaofanya kazi kwenye mashamba ya maua. Kwa anayejiajiri si lazima. Jambo ambalo halina mjadala ni nakala: usiandike chini "Nakala: Mtendaji wa Kijiji". Mstari ule mmoja unafuta upole wote uliouweka juu yake.

Bahasha ifungwe kwa gundi na juu yake pawe na jina la mpokeaji tu. Kabla ya kumpa Baraka, mwite pembeni umwambie kilichomo: "Nimemwandikia mama tuzungumze namna ya kukusaidia kusoma. Hujakosea." Mtoto aliyeambiwa hana sababu ya kuifungua wala kuificha. Usimkabidhi mbele ya darasa, na usimpe dada yake wa darasa la saba aibebe kwa niaba yake, kwa sababu jioni hiyo nyumba nzima itakuwa na habari.

Kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa si mahali pa jambo hili, hata ukiandika "Mama B". Wazazi wote wanajua Mama B ni nani. Ujumbe wa simu wa mtu mmoja unaweza kutumika kukumbusha siku moja kabla, kwa maneno machache: "Mama Baraka, nakukumbusha kesho saa 4:00 maktaba. Karibu sana."

Hatua ya saba: ukimya, na ishara za barua iliyokosea

Ijumaa ikipita bila jibu, usidhani amedharau. Muulize Baraka kama barua ilifika, kwa sauti ya kawaida, kisha mpigie mama jioni, siyo siku ya gulio. Anza na salamu za kweli, uliza hali ya nyumbani, kisha sema uliyoyaandika, kwa maneno yaleyale. Kama simu haipatikani, mwalimu anayeishi njia moja naye anaweza kupita. Sipendi kumtumia balozi kwa jambo hili, maana mlango ukibishwa na balozi majirani huanza kuuliza kuna nini. Barua ya pili, ikilazimika kuandikwa, isiwe nzito kuliko ya kwanza. Badilisha siku na uongeze mstari mmoja tu, kwamba shule iko tayari kumfuata nyumbani kama kufika ni shida.

Mama akifika, sentensi yake ya kwanza itakuambia barua ilifanya nini. Akiuliza "Amefanya nini tena?" basi sentensi ya sababu haikutosha, au haikusomwa yote. Akianza kufungua kanga kutoa hela, mstari wa mchango haukueleweka. Akija na fimbo mkononi, au ukiona mtoto tayari amechapwa, kuna neno limesikika kama mashtaka. Litafute kwenye nakala yako ulibadilishe kabla hujamwandikia mzazi mwingine. Akisema "Nimeona mmeandika anawasaidia wenzake hesabu", una nusu saa nzuri mbele yako.

Hapo ndipo unatoa ile karatasi ya hatua ya kwanza, pamoja na kifungu cha darasa la pili na madaftari mawili ya Baraka. Anza na la hesabu. Kuhusu Jumatano, uliza tu: "Jumatano huwa inakuwaje nyumbani?" kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Mkishakubaliana, mathalani kwamba Jumatano shangazi atabaki na wadogo na Baraka atasoma kwa sauti dakika kumi kila jioni mbele ya dada yake, andika makubaliano hayo kwa mistari mitatu, mama apate karatasi moja na nyingine iingie kwenye faili la mwanafunzi pamoja na nakala ya barua, ndani ya kabati linalofungwa.